Kupokea na kutunza chanjo kwenye zahanati za baridi: mwongozo kwa muuguzi mgeni wa Makete, Mufindi na Uporoto

Kila mwaka wauguzi wapya wanapopangiwa vituo vya huku juu, maswali huwa yaleyale. Friji inasoma 7 mchana, nipandishe baridi? Nimekuta barafu ndani asubuhi, chanjo bado ni nzima? Fomu ya jotoridi naijaza Jumapili na nani wakati kituo kimefungwa? Mwongozo huu unajibu hayo, na umeandikwa kwa ajili ya zahanati yenye friji moja ya gesi au ya sola, inayopokea chanjo kutoka wilayani mara moja kwa mwezi hivi.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza. Chuoni ulifundishwa sana kuogopa joto. Ukiwa Dar es Salaam hilo ni sawa. Ukiwa Makete mwezi wa Julai, wakati nyasi za Kitulo zinaamka nyeupe kwa barafu, adui wako wa kwanza ni kuganda. Chanjo zote hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, lakini madhara ya kutoka nje ya mipaka hiyo hayafanani. Chanjo iliyopata joto kidogo hupoteza nguvu polepole, na alama ya VVM kwenye kichupa itakuonyesha. Chanjo ya maji iliyoganda mara moja huharibika siku hiyohiyo, na VVM itaendelea kukuonyesha kwamba ni nzima, kwa sababu VVM haijui baridi.

Zinazoharibika zikiganda: Penta, PCV, Td, HPV, IPV na Rota. Maji ya kuchanganyia nayo yasigande, maana chupa hupasuka.

Zisizoharibika kwa kuganda: BCG, Surua-Rubella (zote mbili huja zikiwa unga mkavu) na chanjo ya polio ya matone.

Andika orodha hizo mbili kwenye karatasi, ibandike kwenye mlango wa friji kwa nje.

## Uwe na nini kabla gari la wilaya halijafika

- Friji iliyowaka na kutulia kati ya nyuzi 2 na 8 kwa siku kadhaa. Friji iliyowashwa jana usiipokelee chanjo leo.
- Kifaa cha kurekodi jotoridi cha siku 30 (wengi tunacho Fridge-tag 2), pamoja na kipimajoto cha kawaida cha akiba.
- Fomu ya jotoridi ya mwezi, leja ya chanjo, fomu ya kupokelea na kalamu ya wino. Penseli hapana.
- Kasha la baridi au kibebea chanjo kilicho kisafi, na aisipaki zake.
- Mtungi wa gesi wa akiba uliojaa, kama friji ni ya gesi.
- Namba ya simu ya mratibu wa chanjo wa wilaya, iliyoandikwa ukutani na si kwenye simu yako peke yake.

Friji ya gesi lazima isimame sawasawa. Weka pima maji juu yake. Ikiinama, mzunguko wake wa ndani unadorora na haitapoa vizuri hata ukiongeza moto. Isiegemee ukuta. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumba cha chanjo. Najua baridi ya huko, ila mkaa unapasha chumba mchana na kukiacha kipoe ghafla usiku, na friji ya gesi haipendi mabadiliko hayo. Moshi wake ni hatari kwako pia, achilia mbali kuwa kuna mtungi wa gesi pembeni.

## Siku ya kupokea

1. Soma friji yako kwanza. Kabla hujafungua kasha lililoletwa, hakikisha friji iko ndani ya mipaka na andika ilivyosoma. Kama ina tatizo, mwambie mleta chanjo kabla hajaondoka. Gari likishashuka mlima, tatizo ni lako.

2. Fungua kasha ukiwa na mleta chanjo. Gusa aisipaki. Zinatakiwa ziwe zimeanza kuyeyuka: ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukikuta aisipaki ngumu kama zilivyotoka kwenye friza, na Penta au PCV imegusana nazo, hapo una shaka ya kuganda, hata kama safari ilikuwa fupi. Kama ndani ya kasha kuna kiashiria cha kuganda, kisome na uandike kinaonyesha nini.

3. Hesabu kwa dozi, si kwa vichupa. Hapa wageni wengi hukosea. BCG kichupa kimoja kina dozi 20, chanjo nyingine zina 10, 5 au 1. Soma lebo. Ukiandika "10" kwenye leja ukimaanisha vichupa, wilayani wataelewa dozi 10, na mwezi ujao utapungukiwa.

4. Kwa kila chanjo andika: jina, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, idadi ya dozi na hali ya VVM. Mraba wa ndani wa VVM ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, chanjo inatumika. Mraba ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, usiipokee kama chanjo ya kutumia. Iandike na irudi na gari.

5. Linganisha BCG na Surua-Rubella na maji yake. Idadi ya maji iendane na idadi ya vichupa, na yawe ya mtengenezaji yuleyule wa chanjo hiyo. Maji ya chanjo nyingine, au maji ya sindano ya kawaida kutoka chumba cha dawa, hayatumiki.

6. Panga ndani ya friji haraka, kisha funga. Mpangilio nimeueleza hapa chini.

7. Usiguse themostati. Ukishaingiza chanjo mpya, friji itapanda nyuzi moja au mbili kwa muda. Iache. Itashuka yenyewe.

8. Sainini wote wawili, wewe na mleta chanjo, ukiandika saa halisi ya kupokea. Kama kuna kilichokutia shaka, kiandike kwenye nakala zote mbili.

## Kupanga ndani ya friji

Friji ya mlango wa mbele ina sehemu ya kugandisha juu, na eneo lililo karibu nayo ndilo baridi zaidi. Rafu ya juu weka BCG, Surua-Rubella na polio ya matone. Rafu ya kati weka Penta, PCV, Td, HPV, IPV na Rota, zikiwa mbali na ukuta wa nyuma. Maji ya kuchanganyia rafu ya chini. Chini kabisa jaza chupa za maji ya kawaida, zinasaidia jotoridi lisiyumbe mlango unapofunguliwa. Kwenye mlango usiweke chanjo yoyote.

Friji ya kufungulia juu ni kinyume: baridi kali iko chini na pembeni. Chanjo zinazoharibika zikiganda zikae kwenye vikapu vya juu, na kamwe usitoe vikapu ili upate nafasi. Vikapu viliwekwa kwa sababu hiyo hasa.

Acha nafasi kati ya paketi na paketi ili hewa ipite. Zinazoisha muda mapema zikae mbele. Kifaa cha kurekodi kikae katikati ya Penta na wenzake, kwa kuwa hizo ndizo unazozilinda. Ukikiweka karibu na mlango kitakupa majibu ya mlango.

Soda ya mtu, sampuli za maabara na dawa nyingine, vyote nje.

## Kujaza fomu ya jotoridi

Fomu hujazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, siku zote za mwezi pamoja na Jumapili, Idi na Krismasi. Kituo kikifungwa, mmoja wenu anayeishi karibu apite kusoma. Pangeni zamu kwa maandishi. Mlinzi anaweza kufundishwa kusoma namba na kupiga simu, lakini asiachiwe kugusa themostati.

1. Soma kabla ya kufungua friji kwa kazi ya siku. Ukishatoa chanjo za kliniki ndipo usome, umesoma joto la chumba lililoingia.

2. Andika jotoridi la wakati huo, pamoja na nukta yake. 3.9 iandikwe 3.9, si 4.

3. Bonyeza kitufe cha READ uone kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa cha siku. Kifaa huhesabu siku kuanzia saa 6 usiku, kwa hiyo baridi iliyotokea saa 5 usiku utaikuta kwenye siku ya jana. Asubuhi angalia siku zote mbili.

4. Angalia kama kuna ALARM. Kifaa hicho huonyesha tahadhari ya baridi jotoridi likifika −0.5 au chini yake kwa dakika 60, na tahadhari ya joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo. Andika aina ya tahadhari na muda wake. Kifaa kinaonyesha siku 30 tu, lakini fomu inabaki.

5. Weka sahihi yako, na kama umefanya chochote (umebadilisha mtungi, umegusa themostati, umeyeyusha barafu), kiandike siku hiyohiyo.

Ukikuta siku ambayo haikusomwa, acha wazi na uandike sababu. Fomu iliyojaa 4.0, 4.0, 4.0 mwezi mzima hakuna msimamizi anayeiamini. Friji halisi hupanda na kushuka.

## Mfano: usiku mmoja wa Julai

Chukulia zahanati iliyo juu kabisa ya milima, friji ya gesi ya mlango wa mbele, na fomu inasoma hivi:

| Tarehe | Muda | Sasa | Chini kabisa | Juu kabisa | Tahadhari | Maelezo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 9 Julai | asubuhi | 3.9 | 2.6 | 4.4 | hakuna | |
| 9 Julai | jioni | 7.4 | 2.6 | 7.6 | hakuna | Siku ya kliniki. Themostati imetoka 3 kwenda 4 |
| 10 Julai | asubuhi | 2.8 | −1.3 | 4.1 | baridi, saa 1 dakika 50 | Imesomwa baada ya kutoa chanjo |
| 10 Julai | jioni | 4.9 | −1.3 | 5.2 | | |

Anayesoma safu ya "Sasa" peke yake ataona 3.9, 7.4, 2.8 na 4.9, zote ndani ya mipaka, na ataendelea na kazi. Ukisoma safu ya "Chini kabisa" ndipo unaona kwamba Penta ilikaa chini ya sifuri karibu saa mbili watu wakiwa wamelala.

Kosa lilianza jioni ya tarehe 9. Jotoridi la 7.6 lilikuwa bado chini ya 8, na lilipanda kwa sababu mlango ulifunguliwa mara nyingi siku ya kliniki. Hapakuwa na cha kurekebisha. Muuguzi akaongeza baridi, kliniki ikaisha, mlango ukabaki umefungwa, chumba kikapoa usiku, na friji ikawa na nguvu kuliko kazi iliyokuwepo. Kwenye friji nyingi namba kubwa ya themostati ni baridi zaidi, na bado kuna wanaodhani ni joto zaidi. Angalia kitabu cha friji yako.

Huku kwetu, themostati hupimwa kwa usiku. Kama usiku wa baridi kabisa unabaki juu ya 2 bila wasiwasi na mchana hauzidi 8, basi hapo ndipo pake. Andika namba hiyo juu ya fomu na usiiguse kwa sababu ya mchana mmoja. Ikibidi kubadilisha, sogeza kidogo, kisha subiri mpaka kesho asubuhi uone kiwango cha chini kabisa.

Sasa, asubuhi ya tarehe 10 unafanya nini?

1. Rudisha themostati ilipokuwa.

2. Tenga Penta, PCV, Td, HPV, IPV na Rota ndani ya mfuko ulioandikwa USITUMIE, na mfuko ubaki ndani ya friji. Usiziache mezani, huenda nyingine ni nzima na utaziharibu kwa joto. BCG, Surua-Rubella na polio ya matone endelea kuzitumia kama VVM inaruhusu. Kagua maji ya kuchanganyia kama kuna kichupa kilichopasuka.

3. Mpigie mratibu wa wilaya. Kliniki ya chanjo zilizotengwa isimame hadi ajibu.

4. Kichupa chochote ulichokikuta kimeganda kuwa barafu hakihitaji kipimo. Kimeharibika, kitolewe kwenye leja kwa sababu hiyo.

5. Kwa Penta, PCV, Td na HPV ambazo hazionekani zimeganda lakini zina shaka, hufanyika kipimo cha kutikisa. IPV na Rota kipimo hiki hakizihusu, kwa sababu hazina ile chumvi ya aluminiamu ambayo kuganda huifanya ishikane vipande. Hizo mratibu ataziamua kwa rekodi ya jotoridi, na kwa rekodi kama hii zitatupwa.

### Kipimo cha kutikisa

Kifanye na mratibu au mtu aliyefundishwa, walau mara ya kwanza.

Chukua kichupa kimoja cha chanjo ileile, mtengenezaji yuleyule, toleo lilelile. Kiandike IMEGANDISHWA na ukiweke friza usiku kucha hadi kiwe barafu kabisa. Hiki ni cha kulinganishia na hakitachanjia mtu tena. Asubuhi kitoe kiyeyuke chenyewe mezani. Usikitie kwenye maji moto wala kukisogeza jikoni. Katika baridi ya huku kitachukua muda, vumilia.

Kishike pamoja na kichupa chenye shaka kwa mkono mmoja, vitikise sekunde 10 hadi 15, viweke mezani bega kwa bega penye mwanga na usiviguse. Vitazame hadi dakika 30.

Kilichogandishwa kitaonyesha vipande kama maziwa yaliyokatika, vitashuka haraka na kuacha maji maangavu juu. Kichupa chenye shaka kikibaki na ukungu na kushuka taratibu kuliko kile, chanjo ni nzima. Kikishuka kwa kasi ileile au zaidi, imeharibika.

Kila toleo na kila chanjo hupimwa peke yake. Katika mfano wetu Penta iliyokuwa katikati ya rafu inaweza kupita, na PCV iliyosukumwa hadi ukuta wa nyuma ikaanguka, ingawa zote zililala friji moja. Andika matokeo ya kila toleo kwenye leja na kwenye sehemu ya maelezo ya fomu.

## Matatizo yanayojirudia

Aisipaki haziyeyuki siku ya huduma ya mkoba. Chumba chenye nyuzi 10 huchukua muda mrefu sana kulainisha aisipaki, na ndipo watu hukata tamaa na kuziingiza ngumu. Kuzifunga na gazeti au kitambaa hakutoshi. Zitoe friza mapema zaidi, zitandaze mezani bila kuzibebanisha. Kwa safari fupi katika baridi, njia ninayoipendelea ni aisipaki za maji yaliyopozwa tu ndani ya friji, ambazo haziwezi kugandisha kitu.

Jotoridi limezidi 8 na halishuki. Angalia moto wa gesi kabla ya kitu kingine. Asubuhi ya baridi kali, mtungi unaokaribia kuisha hutoa gesi dhaifu, na moto unakuwa mdogo au kuzimika ingawa mtungi ukitikiswa una kitu. Badilisha. Kisha angalia mpira wa mlango: bana karatasi mlangoni uivute, ikitoka bila kukaza mpira umelegea. Usipopata sababu upesi, hamishia chanjo kwenye kasha lenye aisipaki zilizoanza kuyeyuka pamoja na kifaa cha kurekodi, na uulize kituo cha jirani kama friji yao ina nafasi.

Barafu imejaa sehemu ya kugandisha. Ikifikia nusu sentimita, iyeyushe. Hamisha chanjo kwanza. Usiichokonoe kwa kisu. Ukitoboa, friji imekwisha.

Friji ya sola inapanda wakati wa ukungu wa siku nyingi. Nyingi zimetengenezwa kuhimili angalau siku tatu bila jua la kutosha, ilimradi mlango haufunguliwi ovyo. Siku hizo usiingize chupa za maji ya vuguvugu wala aisipaki za kugandisha. Panda ukafute paneli, na tazama kama tawi la mkaratusi limeanza kuzitia kivuli.

Kifaa na kipimajoto cha akiba vinapishana. Viweke mahali pamoja ndani ya friji, subiri saa moja, soma tena. Mara nyingi tofauti ilikuwa ya mahali vilipokaa. Ikibaki kubwa, fuata kifaa cha kurekodi na uombe kipimajoto kingine.

Kifaa kimekufa betri. Anza kuandika kwa kipimajoto cha kawaida siku hiyohiyo, ukitaja kwenye maelezo kwamba kiwango cha chini kabisa hakijulikani. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, kifaa kipya kiombwe kwa simu. Usisubiri ripoti ya mwisho wa mwezi.